Swala, saumu na hijabu kwenye laini moja ya kazi: ratiba ya haki inapangwaje?

*"Mi ni supavaiza kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula hapa Dar, shifti ya asubuhi tuko 22, Waislamu 9, wengine Wakristo, kati yao Wasabato wawili. Tunaingia saa 1:30, tunatoka saa 10 jioni, lanchi saa 6 hadi saa 7 laini zinazimwa. Waislamu wakienda kuswali wanarudi wamechelewa dakika 20 mpaka 30, Ijumaa ndo usiseme, na Wakristo wamechoka kuziba nafasi wanasema na wao wapewe muda wa kusali. Ramadhani wanataka kuruka lanchi watoke saa 9. Wasabato hawataki Jumamosi. Juzi meneja kamrudisha binti nyumbani kisa hijabu kwenye mashine. Mimi Mkristo, nikisema neno naambiwa nina udini. Nifanyeje iwe haki kwa wote?"*

Ndugu yangu, pole, maana hapo ulipo umebanwa pande zote. Nakuanzia na jambo moja ambalo watu wengi wakisikia wanashangaa: ugomvi ulionao kwa sehemu kubwa sio wa dini. Ni wa foleni ya bomba, lanchi iliyowekwa saa isiyofaa, na swali la nani anaziba nafasi ya mwenzake bila kulipwa. Dini imepakwa juu yake tu kwa sababu ndo kitu kinachoonekana. Nimekaa kwenye vikao vingi vya namna hii na mara nyingi ukishashika saa mkononi ukaanza kupima, nusu ya maneno makali yanaisha yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaita kikao chochote, jua kwanza ni kipi kwenye ibada za watu wako kinasogezeka na kipi hakisogezeki. Hapo ndo penye ufunguo wote na ndo mahali mameneja wanapokosea pande zote mbili, kuna anayekataa kila kitu na kuna anayeruhusu kila kitu.

Swala ya Adhuhuri ina dirisha, haiishi adhana ikiisha. Inaingia jua likishapita utosini na inaendelea mpaka Alasiri iingie. Kwa Dar es Salaam tuko karibu na ikweta kwa hiyo nyakati hazihami sana kama Ulaya: Adhuhuri mwaka mzima inaingia kati ya saa 6:07 hivi (mwanzoni mwa Novemba) na saa 6:37 hivi (katikati ya Februari), na Alasiri inaingia kati ya saa 9:10 hivi na saa 9:50 na kitu. Maana yake Muislamu ana zaidi ya saa tatu za kuswali Adhuhuri yake. Kuswali mwanzo wa wakati ni bora, hilo hakuna anayebisha, ila akiswali saa 7 swala yake iko ndani ya wakati vilevile. Na kwa shifti yako inayoisha saa 10, Alasiri ataiswali akishatoka, ina muda mpaka jua kuzama. Kwa hiyo shifti ya asubuhi ina swala moja tu ya kuipangia nafasi. Moja. Watu wakisema "hawa wanaswali mara tano tutafanya kazi saa ngapi" ndo hawajapiga hesabu.

Ijumaa ni tofauti kabisa. Ile ni ya jamaa, ina khutba, na kwa wanaume ni faradhi, huwezi kumwambia mtu akaiswali peke yake stoo saa 8. Imamu akishasalimu imekwisha. Hii haisogezeki, na kampuni ikijifanya haielewi hilo inatafuta ugomvi. Lakini pia kumbuka kwa wanawake Ijumaa sio faradhi, wao wanaswali Adhuhuri yao ya kawaida. Kwa hiyo katika hao 9 wako wa kwenda msikitini wiki kwa wiki pengine ni watano hivi.

Sasa hizo dakika 20 au 30 za kuchelewa zinatoka wapi? Rakaa nne za Adhuhuri ni dakika tano mpaka nane. Kutia udhu dakika mbili, tatu. Jumla haifiki robo saa. Nenda kesho kasimame pale wanapotawadha uangalie. Nakisia utakuta bomba moja, ni sinki lilelile la kunawia mikono la watu wote, na watu tisa wamepanga mstari. Wa tisa anasubiri wanane, kila mmoja dakika mbili na nusu, hizo ni dakika 20 hajaanza hata kunawa. Alafu ana miguu ya kuosha kwenye sinki refu, maji yanamwagika chini, mama wa usafi ananuna, na hapo Mkristo aliyekuja kunawa ale ugali wake anasubiri pia. Na hapo hujaweka kwamba lanchi yako inaanza saa 6 kamili: adhana inalia kwenye saa 6:20 na kitu, mtu ameshakaa kula, anaacha sahani, anaenda foleni, anaswali, anarudi kumalizia chakula, saa 7:25. Hapo wengi hawatoroki kazi, saa moja yao imekatwa katikati. Namsema mwenye foleni, maana wapo pia wanaopitia kibandani kuvuta sigara wakasingizia swala, hao utawajua foleni ikishaisha.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Sogeza lanchi ya wote iwe saa 6:30 mpaka saa 7:30. Kwa nini saa 6:30 na sio saa 7? Kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 23, inasema mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mnaanza saa 1:30, saa tano zinatimia saa 6:30 kamili, hujavunja kitu. Na saa hiyo Adhuhuri imeshaingia karibu mwaka mzima, ule msimu wa katikati ya Januari mpaka baada ya katikati ya Machi inapochelewa, ni dakika chache tu. Mtu anaenda kuswali kwanza, anarudi anakula kwa raha, saa 7:30 yuko kwenye laini. Haijatolewa hata dakika moja ya kazi, na hakuna Mkristo aliyeziba nafasi ya mtu.

Alafu weka mabomba matatu ya chini, urefu wa goti, kwenye kijiukuta chenye mfereji, fundi anamaliza kwa siku moja au mbili. Hiyo foleni ya dakika 20 inashuka kuwa tano. Na sehemu ya kuswalia haihitaji kuwa msikiti, mtu mmoja akisujudu anatumia kama mita 1.2 kwa sentimita 60, watu tisa safu tatu ni chumba cha mita mbili kwa nne, mnacho hicho, kimejaa maboksi mabovu tu. Kibla kwa Dar ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo chagua ukuta wa kaskazini usiwe na mlango watu wakapita mbele ya wanaoswali. Na wanawake wekeeni pazia au wapeane zamu. Chumba hichohicho kiite chumba cha ibada na utulivu, Mkristo akitaka kukaa dakika kumi asome Biblia yake wakati wa lanchi aingie, zamu ijulikane. Nilishaona kiwanda kimoja kimeandika mlangoni "Msikiti", kesho yake Walokole wakadai kanisa. Jina tu lile.

Ijumaa sasa. Nenda kwenye msikiti wa jirani ukaulize khutba inapanda saa ngapi, usikisie. Tuseme inapanda saa 6:40, watu wanatoka saa 7:15, na kutembea ni dakika kumi. Basi wanaume wanaoenda watoke saa 6:20 wapate kutawadha na kutembea, warudi saa 7:30 pamoja na wenzao. Lanchi yenu inaanza saa 6:30, kwa hiyo tofauti kati yao na wengine ni dakika kumi. Ugomvi wote wa kila Ijumaa ni dakika kumi za watu watano! Hizo wazirudishe kwa kuingia saa 1:20 siku hiyo, na wapewe kazi ambayo kawaida inawachelewesha wote asubuhi, kukunja maboksi, kupandisha roli la plastiki kwenye mashine, wenzao wakifika saa 1:30 laini iko tayari. Hapo hata Mkristo mwenye hasira anaona na yeye kapata kitu. Waambie wazi kwamba Ijumaa hawatakuwa na muda wa kukaa mezani kula, wale vizuri chai ya saa 4, hiyo gharama ni yao, na kwa uzoefu wangu wanaikubali bila neno.

Na hili lisimamie kwelikweli: akirudi saa 7:45 mara moja muulize, mara mbili muandikie kama unavyomwandikia mchelewaji mwingine yeyote, ukitaja saa na sio swala. Ratiba ikishakuwa ya haki, kuchelewa kunarudi kuwa kuchelewa tu, na wewe Mkristo hakuna atakayekuita mdini kwa kuisoma saa ya ukutani.

Hao wanaosema "na sisi tupewe muda wa kusali", wasikilize, usiwacheke, maana chini yake kuna dai la kweli: wamechoka kuziba. Hilo ukiliondoa, wengi dai la kusali linapungua lenyewe. Lakini haki haimaanishi kila mtu apewe dakika zilezile. Kiwanda chenu Jumapili kimefungwa si ndio? Yaani ibada kubwa ya Wakristo wengi imeshapangiwa nafasi siku nzima bila mtu kuomba wala kujaza fomu, ni vile tumezoea hatuioni. Muislamu anaomba dakika kumi za Ijumaa na anazirudisha. Ukiliweka hivyo kwenye kikao, liweke kwa upole na walisikie kutoka kwako, likitoka kwa Muislamu litaleta moto. Na kanuni iandikwe kwa wote: "mfanyakazi yeyote mwenye ibada isiyosogezeka aombe mapema, muda urudishwe." Mkatoliki akitaka kuwahi misa ya Jumatano ya Majivu, anatumia mlango huohuo.

Tuje Ramadhani. Kuruka lanchi ili watoke saa 9, jibu langu ni hapana, ila kutoka saa 9 inawezekana. Ile dakika 60 ni haki ya kisheria ya mfanyakazi na hata asiyekula anaihitaji, tena yeye zaidi, joto la humo ndani unalijua. Mtu aliyefunga saa 8 na saa 9 mchana ndo maji yamepungua mwilini, umakini unashuka, kichwa kinauma hasa kwa wale wa kahawa, na ndo saa vidole vinapotea kwenye mashine ya kuziba mifuko. Ukimfanyisha saa saba na nusu bila kupumzika kisha akaumia, karatasi aliyosaini ya kuruka lanchi kwa hiari haitakusaidia.

Badala yake wahisha shifti. Aliyefunga ameshaamka kula daku na kuswali Alfajiri, saa 11 na kitu yuko macho. Aanze kazi saa 12:30 asubuhi, apumzike saa 5:30 mpaka 6:30, atoke saa 9. Ni saa saba na nusu zilezile na mapumziko yapo. Adhuhuri, kama mwaka huo imeingia baada ya saa 6:30, atajipa dakika kumi kwa zamu au aiswali saa 9 akitoka, bado iko ndani ya wakati. Una laini mbili? Basi ya kwanza iwe ya saa 12:30 mpaka saa 9, ya pili iwe ya saa 1:30 mpaka saa 10 kama kawaida. Anayetaka laini ya mapema aandike jina, sio Muislamu tu. Utashangaa mama mwenye mtoto wa chekechea, Mkristo kabisa, anakuwa wa kwanza kujiandikisha. Na ukumbuke mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, katikati ya Februari, na 2027 ni hivyohivyo zitaangukia mwanzoni mwa Februari karibu siku moja. Kwa hiyo wafungaji kwenye laini yako wako wa dini mbili, ipange kama ratiba ya kufunga na sio ratiba ya Waislamu.

Kazi nzito na zile za hatari, kuendesha foklifti, kubadilisha visu, zisogeze asubuhi kwa wote mwezi huo. Usimtoe mtu kwenye foklifti kwa kumkisia kwamba kafunga atasinzia, huo ni ubaguzi. Kama unamwona anayumba, mtoe kama ambavyo ungemtoa aliyekesha msibani. Mwenye sukari au anayetumia dawa za presha akazungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuingia, na wewe usijifanye shehe ukamwambia "dini yako inakuruhusu kula wewe." Hata kama ni kweli, haikuhusu.

Kama una shifti ya pili inayoingia saa 10 jioni mpaka saa 6:30 usiku, hiyo ndo ina tatizo kubwa kuliko ya asubuhi na watu huwa wanaisahau. Magharibi dirisha lake ni fupi, kama saa moja na dakika chache, na Ramadhani ndo saa ya kufuturu. Jua Dar linazama kati ya saa 12:13 na saa 12:47 jioni kutegemea mwezi. Februari weka mapumziko ya wote saa 12:40 mpaka saa 1:40 usiku, baada ya hapo zinabaki chini ya saa tano mpaka kutoka. Tende na maji viwe mezani dakika mbili kabla.

Kantini isifungwe Ramadhani, na asiyefunga asiambiwe ajifiche kama mwizi. Aliyefunga kwa imani yake haharibikiwi na harufu ya pilau. Jambo moja ambalo wanaume huwa hatulifikirii: usiweke daftari la nani anaswali na nani kafunga. Mwanamke Muislamu zipo siku haswali wala hafungi, na sababu yake sio ya kumweleza supavaiza. Nilikuta mahali meneja, mtu mwema tu, kaandaa karatasi ya kutiki "nimefunga / sijafunga" ili apange chakula. Wasichana waliijaza uongo kila siku na chakula kikawa kinabaki. Hesabu sahani, sio saumu.

Sasa huyo binti wa hijabu. Meneja alikuwa na hofu ya kweli lakini kaitekeleza vibaya. Hatari ipo: mtandio mrefu wenye ncha zinazoning'inia ukishikwa na roli inayozunguka unavuta shingo kabla mtu hajafikia kitufe cha kuzimia. Lakini hatari hiyo iko kwenye ncha inayoning'inia, haiko kwenye kufunika kichwa. Hijabu ya kuvaa moja kwa moja, ile ya kitambaa cha kuvutika isiyo na pini, fupi, ncha zimeingizwa ndani ya ovaroli na kofia ya nywele juu yake, inakaa imara kuliko nywele za kusuka zilizoachiwa. Pini nazo kiwanda cha chakula hamzitaki, ikidondokea kwenye unga ni kesi nyingine. Kampuni inunue hizo hijabu kama inavyonunua ovaroli, tatu kwa kila anayehitaji ili moja ifuliwe, rangi ya sare yenu.

Na kanuni muiandike kwa kutaja hatari, sio dini: "hakuna kitu kinachoning'inia kuanzia shingoni kwenda chini, wala pini, ndani ya mita moja ya mashine inayozunguka." Hiyo inagusa mtandio, inagusa rozari, inagusa cheni ya dhahabu ya meneja, inagusa tai, na kitambulisho chenye kamba. Jaribio la kujua kama kanuni yenu ni ya usalama kweli ni hilo: je, rozari na cheni zinavuliwa pia? Kama hijabu pekee ndo inaonekana hatari, mna tatizo. Kwa niqabu, kutambulishana getini mwanamke mwenzake amwangalie uso pembeni, ni sekunde kumi. Ila penye kazi ya kuvaa barakoa ya vumbi inayotakiwa kubana uso, kitambaa katikati kinaharibu mbano, na ndevu ndefu zinafanya hivyohivyo, hapo kweli mtu atahamishiwa kituo kingine bila kupunguziwa mshahara.

Siku aliyorudishwa nyumbani mlipeni, na meneja amwite amweleze, sio wewe umtetee. Akibaki na siku iliyokatwa, jambo la mashine limegeuka kuwa adhabu ya dini, na hilo ndo atakalolieleza mbele ya msuluhishi.

Wasabato nimewaacha mwisho kwa sababu kwao sina jibu tamu kamili. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, haisogezeki hata dakika. Wiki yenu ni siku sita kwa saa saba na nusu, saa 45, ambayo ndo ukomo wa kisheria bila ovataimu. Sheria inaruhusu saa tisa kwa siku. Saa tisa mara siku tano ni 45 kamili! Kwa hiyo hao wawili wakitoka saa 11:30 jioni Jumatatu mpaka Ijumaa badala ya saa 10, wametimiza wiki yao na Jumamosi wako huru, na Ijumaa wanawahi kabla jua halijazama. Hiyo saa moja na nusu ya jioni wape kazi ya kuhesabu stoo au kupanga mzigo wa kesho. Hao ni wawili, inawezekana. Wangekuwa kumi na wawili kati ya 22, Jumamosi laini ingesimama, na hapo kampuni ingekuwa na haki ya kusema hatuwezi wote, tupange zamu. Lakini iseme hivyo baada ya kujaribu na ikiwa na hesabu mkononi, sio kabla. Na msiwasukumie shifti ya usiku kama malipo ya Jumamosi bila wao kukubali, ile ina nyongeza yake ya usiku na usumbufu wake wa usafiri, ni mkataba mwingine.

Kuhusu sheria, watu wako watarushiana maneno, kwa hiyo jua mipaka yake. Kifungu cha 7 cha sheria niliyoitaja kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake, na mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha kwamba kabaguliwa, ni mwajiri ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha sivyo. Kinaruhusu masharti yanayotokana na asili ya kazi yenyewe, ndo maana usalama wa mashine unasimama. Lakini sheria hiyo haitaji dakika za swala popote, kwa hiyo anayesema "sheria inanipa haki ya kutoka adhana ikilia" anakosea sawasawa na anayesema "nchi haina dini kwa hiyo kazini hakuna dini." Serikali ndo haina dini, watu wake wanazo na Katiba ibara ya 19 inazilinda. Sheria hiyo ya ajira ni ya Bara, Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya 2005. Wasomaji wa Kenya, katiba yenu ya 2010 ibara ya 27 inataja hadi mavazi kwa jina kati ya vitu ambavyo mtu asibaguliwe kwavyo, ila kesi maarufu ya hijabu ya shule ya Isiolo Mahakama ya Juu iliimaliza 2019 kwa hoja za utaratibu, kwa hiyo msiichukulie kama imeshajibu kila kitu upande wowote.

Kikao ukiite Jumatatu au Jumanne, usikiite Ijumaa wala ndani ya Ramadhani watu wakiwa wamechoka. Usianze na wote 22. Kaa na Waislamu wawili, mmoja awe mwanamke, Wakristo wawili, na Msabato mmoja, mpe kila mmoja karatasi yenye ratiba tupu mjaze pamoja, ukiwa umeshapima foleni yako ya bomba na umeshajua khutba inapanda saa ngapi. Mkikubaliana, jaribuni wiki nne, iandikwe tarehe ya kuipitia, na meneja asaini yeye, sio wewe. Bila saini yake, siku mzigo ukiwa mwingi atakuja kuifuta ratiba kwa mdomo na lawama itakuangukia.

Ukiona mtu ametishiwa kufukuzwa au ameshaandikiwa barua kwa sababu ya swala, saumu, Sabato au vazi, hapo acha kusuluhisha peke yako. Kama mna chama cha wafanyakazi, TUICO, mwiteni mwakilishi wa tawi siku hiyohiyo. Kwa kanuni ya mashine na mavazi waiteni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, waje wakague, neno lao litamtuliza meneja kuliko langu. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hawatozi pesa kufungua shauri, unajaza fomu namba moja na kumpa mwajiri nakala kabla ya kuiwasilisha. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu aachishwe, malalamiko mengine ni siku 60 tangu tukio, na siku hizo hazisimami eti mlikuwa bado mnaongea ofisini. Kwa hiyo binti wa hijabu akisema anataka kwenda, mwambie tarehe yake ya mwisho ni ipi, hata kama mnategemea kuyamaliza ndani.